Chupa imeandikwa 0.1 N: molariti yake ni ngapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya sekondari. Stoo nimekuta chupa za zamani zimeandikwa kwa nomaliti: H₂SO₄ 0.1 N na KMnO₄ 0.1 N, na maelekezo ya vitendo yanataka molariti. Mwenzangu aliniambia nigawe kwa mbili. Asidi imekubali. Lakini pamanganeti nilitegemea itumike mililita 10 kwa mililita 25 za asidi ya oksaliki 0.05 M, ikaenda mpaka 25.8. Nimekosea wapi, na nifanyeje ili nibadilishe nomaliti kuwa molariti, na kurudi, bila kubahatisha?"*

Marahaba. Hapo kuna makosa mawili, na moja tu ndilo lako. La kwanza ni ile mbili: pamanganeti ikiwa ndani ya asidi hugawanywa kwa tano, kwa hiyo 0.1 N ni 0.02 M, na bureti ilipaswa kushuka mililita 25, si 10. La pili ni la chupa yenyewe, nalo ndilo lililoongeza zile 0.8. Nitaanza na la kwanza kwa sababu ndilo linalojibu swali lako lote.

Molariti huhesabu moli za kitu chenyewe ndani ya lita moja, haijali kitu hicho kitakwenda kufanya nini. Nomaliti huhesabu kazi ambayo kitu hicho kinaweza kuifanya. Fikiria wapagazi wanaoshusha mizigo bandarini. Molariti inakuambia wako wapagazi wangapi, nomaliti inakuambia magunia mangapi yatabebwa kwa mkupuo mmoja. Kama kila mpagazi anabeba gunia moja, hesabu mbili hizo zinalingana. Kama kila mmoja anabeba mawili, magunia ni mara mbili ya wapagazi. Katika mmenyuko wa asidi na besi, gunia ni haidrojeni moja, H⁺, inayotolewa na asidi au kupokewa na besi. Katika mmenyuko wa redoksi, gunia ni elektroni moja inayotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ekwivalenti moja ni moli moja ya magunia hayo.

Idadi ya magunia anayobeba kila mpagazi tuiite n. Basi hesabu nzima ni hii:

N = M × n
M = N ÷ n

Kwa mimumunyo ya kawaida ya maabara zetu, n ni moja au zaidi. Kwa hiyo ukibadilisha nomaliti ukapata molariti kubwa kuliko nomaliti uliyoanza nayo, umezidisha mahali pa kugawa. Hicho ni kipimo cha haraka, na kimeniokoa mara nyingi siku nilizochoka.

Kugawa na kuzidisha hakumshindi mtu. Ugumu uko kwenye n, kwa sababu n haikuandikwa kwenye fomula ya kitu. Inatoka kwenye mmenyuko utakaoufanya. Mwenzako aliyekupa "mbili" hakukudanganya kuhusu asidi ya salfuriki: H₂SO₄ ikikutana na sodiamu haidroksaidi ya kutosha hutoa haidrojeni zake zote mbili, n ni 2, na 0.1 N inakuwa 0.05 M. Kosa lilikuwa kuichukua mbili hiyo kama kanuni ya chupa zote zilizoandikwa N.

Hata ndani ya asidi zenyewe, usihesabu haidrojeni kwa kuangalia fomula tu. Asidi ya asetiki, CH₃COOH, ina haidrojeni nne, lakini tatu zimeshikwa na kaboni na hazitoki. Inayotoka ni moja, basi n ni 1. Na hapa kuna jambo ambalo wanafunzi hulichanganya sana: asidi ya asetiki ni dhaifu, lakini udhaifu huo hauipunguzii nomaliti. Mililita 25 za asidi ya asetiki 0.1 N zitahitaji mililita 25 za sodiamu haidroksaidi 0.1 N, sawasawa na asidi ya haidrokloriki 0.1 N, ingawa pH ya ile ya kwanza ni karibu 2.9 na ya pili ni karibu 1. Asidi dhaifu haiziachii haidrojeni zake zote mara moja, lakini kila besi inapochukua moja, nyingine inaachiwa, mpaka zote ziishe. Taitresheni inahesabu zote zilizoweza kutoka. Karatasi ya pH inaona zile tu zilizokwisha kutoka wakati huo.

Asidi ya fosforiki, H₃PO₄, ndiyo mwalimu mzuri zaidi wa somo hili. Ina haidrojeni tatu, na mtu angesema n ni 3. Lakini ukiifanyia taitresheni kwa sodiamu haidroksaidi ukiwa na methili orenji, rangi hugeuka baada ya haidrojeni ya kwanza kuisha, basi n ni 1. Ukitumia fenolifthaleini, rangi hugeuka karibu na mwisho wa haidrojeni ya pili, basi n ni 2. Ya tatu imeshikiliwa kwa nguvu kiasi kwamba kwenye maji huwezi kuona kikomo chake kwa kiashiria cha kawaida. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa "H₃PO₄ 0.1 N" bila maelezo mengine inaweza kuwa 0.1 M, 0.05 M au 0.033 M, na kemia haina namna ya kukuambia ipi. Anayejua ni aliyeandika lebo peke yake. Sodiamu kaboneti nayo ina tabia hiyo hiyo kwa upande wa besi: kwa fenolifthaleini hupokea haidrojeni moja, kwa methili orenji hupokea mbili.

Sasa twende kwenye chupa yako ya zambarau. Katika redoksi, n hupatikana kwa kutazama namba ya oksidisho ya elementi inayobadilika, kabla na baada, kisha unazidisha kwa idadi ya atomi za elementi hiyo ndani ya fomula moja. Kwenye KMnO₄, manganizi iko +7. Ndani ya asidi nyingi inashuka mpaka Mn²⁺, yaani +2. Tofauti ni tano, na atomi ya manganizi ni moja, kwa hiyo n ni 5:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Lakini pamanganeti hiyo hiyo, kutoka chupa hiyo hiyo, ukiitumia kwenye mmumunyo usio na asidi, haifiki kwenye Mn²⁺. Inaishia kwenye MnO₂, unga wa kahawia, ambamo manganizi ni +4:

MnO₄⁻ + 2H₂O + 3e⁻ → MnO₂ + 4OH⁻

Hapo n ni 3. Na kwenye alkali kali sana inaweza kusimama mapema zaidi, kwenye manganeti ya kijani, MnO₄²⁻, ambapo imepokea elektroni moja tu. Kwa hiyo aliyetengeneza KMnO₄ 0.1 N kwa ajili ya kazi ya asidi alipima gramu 3.16 kwa lita, ambayo ni gramu 158.03 zikigawanywa kwa tano, kisha kwa kumi. Aliyetengeneza 0.1 N kwa kazi isiyo na asidi alipima gramu 5.27, maana aligawa kwa tatu. Chupa mbili, lebo moja, na nguvu tofauti kabisa. Kwa desturi, lebo ya pamanganeti ikisema N bila maelezo, imekusudiwa kazi ya asidi, na majibu yako yanathibitisha kwamba ya kwako ndivyo ilivyo.

Yanathibitisha vipi? Chukua mililita 25 za asidi ya oksaliki 0.05 M. Hizo ni milimoli 1.25. Kila oksaleti moja ikigeuka kuwa kaboni dioksaidi mbili hutoa elektroni mbili, kwa sababu kila kaboni inapanda kutoka +3 kwenda +4 na kaboni ni mbili. Basi n ya oksaliki hapa ni 2, mmumunyo wako wa 0.05 M ni 0.1 N, na ndani ya flaski kuna miliekwivalenti 2.5. Pamanganeti ya 0.1 N inayohitajika ni 2.5 ÷ 0.1, sawa na mililita 25. Huku hakuhitaji mlingano uliosawazishwa hata kidogo, kwa kuwa ekwivalenti moja humalizana na ekwivalenti moja:

N₁ × V₁ = N₂ × V₂

Ukitaka kupita njia ya molariti, unarudi kwenye mlingano wenyewe:

2MnO₄⁻ + 5C₂O₄²⁻ + 16H⁺ → 2Mn²⁺ + 10CO₂ + 8H₂O

Milimoli 1.25 za oksaleti, mara mbili kwa tano, ni milimoli 0.5 za pamanganeti. Gawa kwa 0.02 M, unapata mililita 25 zile zile. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja, ila ya kwanza imeficha mbili na tano ndani ya n, na ya pili imeziweka wazi kwenye mlingano.

Nadhani hiyo ndiyo sababu wazee wetu wa maabara waliipenda nomaliti. Dhana ya ekwivalenti ni ya zamani kuliko fomula za kemia kama tunavyoziandika leo. Mjerumani Jeremias Richter alikuwa akipima kiasi gani cha asidi kinamaliza kiasi gani cha besi mwanzoni mwa miaka ya 1790, kabla ya mtu yeyote kujua kwa hakika fomula ya asidi ya salfuriki. Na Mfaransa Margueritte alipoanza kupima chuma kwa pamanganeti mwaka 1846, elektroni ilikuwa haijagunduliwa bado. Walichoweza kukijua kwa hakika ni kipi kinamaliza kipi, na kwa uzito gani. Leo IUPAC, jumuiya ya kimataifa ya wanakemia, haipendekezi tena nomaliti, na maelekezo unayopokea yameandikwa kwa molariti kwa sababu hiyo. Hata hivyo chupa za zamani bado ziko, na njia nyingi za kupima maji bado zinaandikwa kwa N, kwa hiyo lazima fundi aijue.

Turudi kwenye bureti yako. Ulitegemea 10, ukapata 25.8. Gawa 25.8 kwa 10, unapata 2.58. Kila unapokutana na tofauti kubwa namna hii, tafuta kwanza kama ndani yake kuna sehemu nyepesi ya namba nzima: mbili, moja na nusu, mbili na nusu, tatu. Hapa 2.5 ni 5 ÷ 2, yaani n ya kweli juu ya n uliyotumia. Kosa la n huacha alama hiyo daima, na huiacha ikiwa safi. Kinachobaki ni 2.58 ÷ 2.5, karibu 1.032, ambayo ni asilimia tatu, na asilimia tatu haiwezi kuwa kosa la n. Hiyo inatafutwa kwingine: kwenye mizani, kwenye umri wa mmumunyo, au kwenye jinsi taitresheni ilivyofanywa.

Unaweza kuuliza kama kosa halikuwa kwenye oksaliki. Fuwele za oksaliki za stoo zetu ni zenye maji ndani yake, H₂C₂O₄·2H₂O, na moli moja ni gramu 126.07. Kwa mililita 250 za 0.05 M ulipaswa kupima gramu 1.576. Ungesahau maji ya fuwele ukatumia gramu 90.03, mmumunyo ungekuwa dhaifu na bureti ingesimama karibu na 17.9. Haikusimama hapo, kwa hiyo upande wa oksaliki naona uko sawa.

Asilimia tatu hiyo naiweka kwenye umri wa pamanganeti. Pamanganeti hujila yenyewe polepole ikiwa chupani, hasa ikipata mwanga au vumbi, au maji yaliyotumika yakiwa na uchafu wa kikaboni. Inageuka kuwa MnO₂, na MnO₂ hiyo nayo inaharakisha kuharibika kwa iliyobaki. Inamisha chupa yako taratibu utazame chini na kwenye kuta: huenda utaona utando wa kahawia. Kwa hiyo ile 0.1 N ilikuwa kweli siku ilipoandikwa, leo si kweli tena. Nguvu yake ya sasa unaipata kwenye majibu yako mwenyewe:

N = (25 × 0.1) ÷ 25.8 = 0.0969 N
M = 0.0969 ÷ 5 = 0.0194 M

Hiyo 0.0194 M ndiyo molariti ya chupa yako. Usichukue 0.02 kwa sababu lebo imesema 0.1 N. Lebo ya pamanganeti ni ahadi ya siku ile tu.

Kabla hujaiandika namba hiyo, hakikisha taitresheni yenyewe ilikwenda ipasavyo, maana n ya tano haiji bure. Inakuja kwa sababu flaski ina asidi ya salfuriki ya kutosha na iko na joto. Pasha oksaliki mpaka karibu nyuzi 60, isichemke, kwa sababu asidi ya oksaliki ikichemshwa huanza kuvunjika. Matone ya kwanza ya pamanganeti yatakawia kupoteza rangi, na wengi hapo hufikiri wamepita kikomo. Ngoja. Mmenyuko huu unaharakishwa na Mn²⁺ inayozaliwa ndani yake wenyewe, kwa hiyo yakishapotea matone machache, yanayofuata hupotea papo hapo. Kikomo ni waridi hafifu linalokaa nusu dakika hivi.

Kuna ishara moja ambayo ukiiona lazima umwage uanze upya: mmumunyo kugeuka kahawia na kuwa na ukungu. Maana yake asidi haikutosha, au ulimimina pamanganeti haraka mno, na sehemu yake imeishia kwenye MnO₂. Hapo baadhi ya wapagazi wamebeba magunia matano na wengine matatu, na hujui wangapi walibeba ngapi. Hakuna n inayoweza kuokoa hesabu hiyo. Na asidi iwe ya salfuriki. Asidi ya haidrokloriki hula pamanganeti kwa kuwa kloraidi yake inaweza kugeuzwa kuwa klorini, na asidi ya nitriki yenyewe ni kioksidishi. Kwa kila moja ya hizo, bureti itasoma uongo bila kukuonyesha rangi yoyote ya kukutahadharisha.

Sasa nikuonyeshe kwa nini ile "gawa kwa mbili" ilikaa kichwani mwa mwenzako. Asidi ya oksaliki ina n ya 2 kwenye asidi na besi, kwa sababu hutoa haidrojeni mbili, na ina n ya 2 kwenye redoksi, kwa sababu hutoa elektroni mbili. Mtu akijifunza kwa kutumia asidi ya salfuriki na asidi ya oksaliki peke yake, mbili itamtosha mwaka mzima na hatajua kwamba ni bahati. Jaribu basi chumvi ya jamaa yake, potasiamu tetraoksaleti, KHC₂O₄·H₂C₂O₄·2H₂O. Ina haidrojeni tatu za kutoa, hivyo kwenye asidi na besi n ni 3. Ina oksaleti mbili, kila moja na elektroni mbili, hivyo kwenye redoksi n ni 4. Chupa yenye 0.1 N ya chumvi hii ni 0.033 M kama iliandaliwa kupima alkali, na 0.025 M kama iliandaliwa kupima pamanganeti. Ukiweza kueleza kwa nini chupa moja ina majibu mawili, somo la n umelimaliza.

Mtego wa upande wa pili uko kwenye sodiamu thiosalfeti, Na₂S₂O₃. Macho yanaona Na₂ na S₂, mkono unaandika 2. Lakini ikikutana na ayodini, thiosalfeti mbili huungana kuwa tetrathioneti moja na kutoa elektroni mbili kwa pamoja, yaani moja kwa kila thiosalfeti. Kwa hiyo n ni 1, na thiosalfeti 0.1 N ni 0.1 M. Potasiamu daikrometi, K₂Cr₂O₇, ni kinyume chake: kromiamu inashuka kutoka +6 kwenda +3, tofauti ni tatu, na kromiamu ni mbili, hivyo n ni 6 na 0.1 N ni 0.0167 M.

Kurudi kutoka molariti kwenda nomaliti ni kuzidisha kwa n hiyo hiyo, na utakutana nako mara nyingi kwenye asidi kali za stoo. Asidi ya salfuriki nzito ya asilimia 98, yenye uzito wa gramu 1.84 kwa mililita, ina moli 18.4 kwa lita. Kwa n ya 2 hiyo ni karibu 36.8 N, na ndiyo maana chupa nyingi zimeandikwa 36 N huku nyingine zikiandikwa 18 M. Ni asidi ile ile. Ukitaka lita moja ya 0.1 N, unahitaji moli 0.05, yaani mililita 2.7 za asidi nzito, nawe unaimwaga asidi polepole kwenye maji mengi, kamwe usimwage maji kwenye asidi. Ukichanganya N na M hapo utachukua mililita 5.4, na mmumunyo wako utakuwa na nguvu mara mbili.

Kosa hilo la mara mbili nimeliona kwa macho yangu, na sikulipenda. Kwenye maabara moja ya maji niliyowahi kufanya kazi, tulipima ualkali kwa asidi ya salfuriki 0.02 N. Namba hiyo ilichaguliwa kwa makusudi: kalisiamu kaboneti ina moli ya gramu 100 na n ya 2, hivyo ekwivalenti moja ni gramu 50, na kila mililita ya asidi ya 0.02 N inalingana na miligramu moja ya kalisiamu kaboneti. Ukichukua mililita 100 za maji, unasoma bureti, unazidisha kwa kumi, umepata miligramu kwa lita. Siku moja mtu alitengeneza asidi mpya akaandika kwenye karatasi "0.02" bila herufi, akaipima kama 0.02 M. Asidi ikawa 0.04 N. Kisima kilichozoeleka kutoa 180 kikatoa 90, na kingine, na kingine, vyote nusu. Kwa siku kadhaa tulitafuta sababu kwenye mvua na kwenye pampu. Aliyegundua ni mzee mmoja aliyesema visima vyote haviwezi kukubaliana kushuka nusu kamili. Alikuwa sahihi kabisa: maji ya kweli hayabadiliki kwa sehemu nyepesi kama hiyo, ni n inayobadilika hivyo. Sikusahau tena kuandika herufi mbele ya namba.

Kwa chupa yako, basi, fanya hivi. Bandika lebo mpya: *KMnO₄ 0.0194 M, ndani ya asidi n = 5, 0.0969 N, imepimwa kwa oksaliki*, na tarehe ya leo. Namba ya kwanza ndiyo itakayobaki kweli hata kama mtu ataitumia kwa mmenyuko mwingine, nyingine inasema ilihesabiwaje. Kama kuna utando wa kahawia, chuja kabla ya kuipima upya, na utumie pamba ya kioo au chujio la kioo, si karatasi ya kuchujia, kwa sababu karatasi nayo huliwa na pamanganeti na utaipunguza tena nguvu. Weka kwenye chupa ya rangi ya kahawia, mbali na dirisha.

Kama maelekezo ya vitendo yanataka 0.02 M hasa, hiyo ya kwako imeshapungua, na kuongeza maji hakuwezi kuipandisha. Ama umwambie mwalimu kwamba thamani ya kweli ni 0.0194 M, naye aitumie hiyo kusahihisha, ama utengeneze mpya: gramu 3.2 hivi kwa lita, pasha karibu na kuchemka kwa saa moja, acha ipoe usiku mzima, chuja, kisha pima kwa oksaliki asubuhi. Asidi ya salfuriki uliyosema "imekubali" pia ipime kwa sodiamu kaboneti iliyokaushwa, kwa methili orenji, na n ya kaboneti hapo uandike 2.